Mita Nane Zilizoliwa na Reli

Rola kosta ni ile treni ya viwanja vya burudani inayopanda vilima vya chuma au mbao na kuporomoka huku abiria wakipiga mayowe. Nyingi kati yake hazina injini. Mnyororo huivuta treni hadi juu ya kilima cha kwanza, kisha huiachia, na kuanzia hapo hakuna anayeisukuma. Mabonde, kona na vilima vyote vinavyofuata hulipiwa na kimo ilichopewa mwanzoni. Ndiyo sababu, katika treni za aina hiyo, kilima cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote.

Kuna swali moja ambalo walimu wa fizikia hulipenda sana kuhusu treni hii. Tuseme reli yote ni laini kabisa, haina msuguano hata chembe, isipokuwa kipande kimoja tu. Treni itaishia wapi? Linaonekana swali jepesi, lakini wengi hulikosea, na karibu wote hulikosea kwa namna ile ile.

Tuichore njia yenyewe. Kilima cha kwanza kina kimo cha mita 20. Treni imesimama kileleni, inaachiwa, inateremka hadi tambarare. Katika tambarare hiyo kuna kipande cha reli chenye urefu wa mita 20 ambacho ndicho pekee kina msuguano. Kikiisha, reli inakuwa laini tena, kisha inapanda kilima cha pili chenye kimo cha mita 15. Treni itakivuka?

Kani tatu zinaigusa treni hii safarini. Ya kwanza ni uzito wake, yaani mvutano wa dunia. Ya pili ni reli inayoyabeba magurudumu. Ya tatu ni msuguano wa kile kipande. Kanuni ya kazi na nishati inasema hivi: jumlisha kazi ya kani zote zilizokigusa kitu, na jumla hiyo itakuwa sawa na badiliko la nishati mwendo yake. Kazi hapa maana yake ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuifuata kani hiyo. Kitu kikisogea kinyume na kani, kazi yake inakuwa hasi. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi tena. Kwa alama huandikwa hivi, v ikiwa kasi ya mwisho na u kasi ya mwanzo:

W = ½mv² − ½mu²

Uzuri wake unaonekana ukizipitia kani hizo moja moja. Reli inayabeba magurudumu kwa kuyasukuma wima kutoka kwenye uso wake, wakati treni inasogea kuufuata uso huo. Kani hiyo haisaidii mwendo wala haiuzuii, hivyo kazi yake ni sifuri njia nzima, hata pale inapowabana abiria kwenye viti vyao. Uzito nao huhesabu kimo tu. Treni iteremke moja kwa moja au izunguke mara tatu kabla ya kufika chini, kazi ya uzito ni ile ile, maana inategemea tofauti ya kimo kati ya ilikoanzia na ilikofika. Kwa hiyo umbo la mteremko, ambalo ndilo lingetutoa jasho kama tungefuata mwendo wa treni sekunde kwa sekunde, linaondoka kwenye hesabu.

Tufanye hesabu kwa kila kilo moja ya treni, tukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kilo. Kimo cha mita 20 kinaipa kila kilo jouli 200. Kwa hiyo nusu ya kasi mraba ni 200, kasi mraba ni 400, na kasi yenyewe ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya treni inapogusa kipande chenye msuguano.

Sasa kipande. Tuseme kipimo cha msuguano wake ni 0.4, maana yake msuguano unavuta kwa kani iliyo sehemu nne kati ya kumi za kani inayoigandamiza treni kwenye reli. Kwenye tambarare, kinachoigandamiza ni uzito wake wenyewe. Kilo moja ina uzito wa nyutoni 10, kwa hiyo msuguano ni nyutoni 4, na kwa mita 20 za kipande kazi yake ni jouli 80, hasi. Treni iliingia na jouli 200 kwa kila kilo, inatoka na 120. Jouli 120 zinaweza kuipandisha kilo moja mita 12, hazizidi hapo. Kilima cha pili ni mita 15. Treni haivuki.

Ukiziangalia vizuri hesabu hizo utaona kwamba tungamo la treni halikuhitajika. Iwe imejaa watu au tupu, kipande kile kinakula mita 8 za kimo: urefu wake wa mita 20 mara 0.4. Hata mvutano wa dunia umejiondoa. Kwa mpangaji wa njia hii hilo ni jambo kubwa, kwani anaweza kukitazama kipande cha msuguano kana kwamba ni shimo la mita 8 lililochimbwa chini ya kilima cha kwanza.

Lakini safari haijaisha. Treni imepanda kilima cha pili hadi mita 12, ikasimama kitambo kidogo, na sasa inarudi kinyumenyume. Inafika tambarare ikiwa na zile jouli 120 zote, maana kule kilimani reli ni laini. Inapita juu ya kipande kwa mara ya pili, na kipande kinachukua tena jouli 80. Hapa ndipo wengine huteleza: hudhani kwamba kwa kuwa treni inarudi, msuguano utarudisha kilichochukuliwa, kama uzito unavyofanya. Uzito hurudisha. Treni ikipanda, uzito unaidai, ikishuka, unailipa. Msuguano ni kizuizi cha ushuru: unalipa ukienda, unalipa ukirudi, na kiasi ni kile kile.

Baada ya kupita mara ya pili treni imebaki na jouli 40 kwa kilo. Inapanda kilima cha kwanza hadi mita 4, inashuka, inaingia kwenye kipande kwa mara ya tatu. Safari hii haina cha kutosha kulipia mita zote 20. Jouli 40 kwa msuguano wa nyutoni 4 zinatosha mita 10. Treni inasimama katikati kabisa ya kipande na haitaondoka hapo mpaka ivutwe.

Jumlisha mita zote ilizosuguliwa: 20, tena 20, kisha 10. Ni mita 50. Na jibu hilo lilikuwepo tangu mwanzo bila kufuata safari nzima, kwa sababu mita 20 za kimo ukizigawa kwa 0.4 unapata 50. Vilima vya kando vingeweza kuwa vya umbo lolote. Maadamu treni haitoki nje ya bonde lake, itasuguliwa mita 50, si pungufu wala zaidi. Umbo la vilima linaweza kubadili muda wa safari, lakini haligusi mahali itakaposimama.

Tulisema watu hulikosea swali hili kwa namna moja. Kosa lenyewe ni kutoa kasi badala ya nishati. Mtu anaona treni imeingia kwenye kipande kwa kilomita 72 kwa saa na kutoka kwa kilomita 56, anasema kipande kinapunguza kilomita 16. Kisha anapoulizwa itatoka kwa kasi gani ikipita mara ya pili, anajibu 40. Jibu sahihi ni 32. Mara ya kwanza kipande kilipunguza kilomita 16 kwa saa, mara ya pili kimepunguza 24, na mara ya tatu kinaondoa zote 32 zilizobaki, tena kwa nusu ya urefu wake. Kipande hakijabadilika, msuguano ni nyutoni 4 kwa kila kilo muda wote. Kilichobadilika ni kwamba treni inayokwenda polepole inakaa muda mrefu zaidi juu ya kipande, ikivutwa kwa kani ile ile. Kinacholingana kila mara ni nishati iliyochukuliwa, na nishati inafuata mraba wa kasi, si kasi.

Jambo hilo la mraba halikukubalika kwa urahisi. Wafuasi wa Descartes waliamini kwamba kinachopaswa kupimwa ni tungamo mara kasi, nao wafuasi wa Leibniz wakashikilia tungamo mara mraba wa kasi. Mnamo 1722 Mholanzi Willem 's Gravesande alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi na kupima mashimo. Mpira uliofika na kasi maradufu ulichimba shimo mara nne. Mfaransa Émilie du Châtelet aliutetea msimamo wa Leibniz katika kitabu chake cha fizikia cha 1740. Ile nusu iliyo mbele ya tungamo, pamoja na jina lenyewe la kazi kwa maana ya kani mara umbali, iliwekwa kwenye utaratibu wa wahandisi na Gaspard-Gustave Coriolis mwaka 1829. Mipira ile ilikuwa ikifanya kile kile kinachofanywa na treni yetu: kuingia katika sehemu inayopinga, na kuacha nishati yake humo kwa kiasi cha umbali iliosafiri.

Je, hizo jouli zimekwenda wapi? Kanuni yenyewe haisemi, inahesabu mwendo tu. Lakini ukigusa reli utajua. Treni ya tani 6 inapopita kipande chetu mara moja inaacha jouli 480,000, na karibu zote zinakuwa joto katika reli na magurudumu. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba. Kipande kinachosuguliwa mchana kutwa kinahitaji nafasi ya kupoa, la sivyo kipimo cha msuguano nacho kinabadilika.

Msomaji anaweza kusema kwamba hakuna reli duniani ambayo ni laini kote isipokuwa mahali pamoja. Ni kweli. Hewa inaipinga treni njia nzima, na magurudumu yana ukinzani wake. Hata hivyo, katika kila rola kosta kuna mahali ambapo msuguano umewekwa kwa makusudi na unashinda kwa mbali ukinzani mwingine wote: kipande cha breki. Breki za rola kosta kwa kawaida hazimo kwenye treni. Zimefungwa kwenye njia. Katika njia za zamani kulikuwa na mihimili iliyoinuliwa kuligusa tumbo la treni, ikaibeba kidogo na kuisugua hadi isimame. Katika Scenic Railway ya Luna Park, Melbourne, Australia, iliyofunguliwa mwaka 1912 na ingali inakwenda, mshika breki husafiri ndani ya treni pamoja na abiria, naye ndiye anayeamua msuguano uanzie wapi na uishie wapi.

Mhimili unaobeba uzito wa treni unafanya kama kipande chetu cha darasani: treni nzito inasuguliwa zaidi kwa kadiri ya uzito wake, na tungamo linajiondoa kwenye hesabu. Breki za siku hizi nyingi ziko tofauti. Bamba refu la chuma limefungwa chini ya behewa, na kwenye njia kuna koleo linalolibana. Nguvu ya kubana inatoka kwenye hewa iliyoshindiliwa au springi, wala haijui ndani wamo watu wangapi. Tuseme breki hizo zinavuta kwa nyutoni 20,000, na treni inafika ikiwa na jouli 120 kwa kila kilo. Treni tupu ya tani 5 ina jouli 600,000, itasimama baada ya mita 30. Ikijaa na kufika tani 8 ina jouli 960,000, itahitaji mita 48. Kanuni ni ile ile, lakini sasa tungamo lina neno. Mwanafunzi aliyekariri kwamba tungamo daima linafutika atajenga kipande cha breki kifupi.

Jambo jingine la kuangalia ni mahali kipande kilipo. Tulikiweka kwenye tambarare, na haikuwa kwa bahati. Kikiwa kwenye mteremko ulionyooka, reli inabeba sehemu tu ya uzito, hivyo msuguano unapungua. Lakini njia nayo inakuwa ndefu zaidi. Mambo hayo mawili yanafidiana kikamilifu, na kinachobaki kwenye hesabu ni urefu wa kivuli cha kipande jua likiwa la utosi. Chini ya bonde lililopinda hali ni nyingine kabisa. Hapo reli haiubebi uzito tu, inailazimisha treni ipinde kwenda juu. Treni yetu yenye mita 20 kwa sekunde, ikipita chini kabisa ya bonde lenye nusu kipenyo cha mita 20, inaigandamiza reli kwa mara tatu ya uzito wake. Ukiweka msuguano hapo, kila mita inakula mara tatu ya ilivyokula tambarare. Kanuni ya kazi na nishati bado inashika, ila huwezi tena kuzidisha mara moja ukamaliza. Inabidi kazi ijumlishwe hatua kwa hatua.

Mfano mkubwa wa treni inayorudi ulikuwa Kingda Ka, huko New Jersey, Marekani, iliyoanza mwaka 2005 na kuhudumu hadi 2024. Hiyo haikuvutwa na mnyororo. Mtambo wa haidroliki uliirusha kwa kilomita 206 kwa saa kwenye njia tambarare, kisha treni ikapanda mnara wa mita 139. Ukikokotoa kimo ambacho kasi hiyo ingeweza kukifikia bila ukinzani wowote unapata kama mita 167. Akiba ni mita 28, na sehemu yake ililiwa na hewa na magurudumu. Mara chache akiba ilipungua, treni ikaishiwa karibu na kilele na kurudi kinyumenyume kwa kasi ya kutisha. Wajenzi walilijua hilo. Mara tu treni inaporushwa, mapezi ya breki yalikuwa yakiinuka kwenye njia ya kurushia, tayari kuipokea ikirudi.

Breki hizo zilikuwa za sumaku, haziguswi wala hazisagiki, na mvua haizipunguzii kitu. Zina kasoro moja: jinsi treni inavyopunguza mwendo ndivyo zinavyolegea, na ikikaribia kusimama haziivuti tena. Zinaweza kuipunguza hadi mwendo wa kutambaa, lakini kuisimamisha kabisa na kuishikilia hapo ni kazi ya kitu kingine. Msuguano wa kawaida, pamoja na joto lake na kusagika kwake, unashikilia hadi mwisho.

Rudi sasa kwenye njia yetu ya mita 20 na ujaribu siku ya mvua. Reli imelowa, na kipimo cha msuguano kimeshuka kutoka 0.4 hadi 0.2. Kipande kinakula mita 4 tu. Treni inafika kwenye kilima cha pili ikiwa na mita 16 na inakivuka, ikipita kileleni kwa kilomita 16 kwa saa. Kama upande wa pili kuna treni nyingine inapakia abiria, kwa kuwa mpangaji aliamini kwamba kipande kile kinatosha kuizuia hii isivuke, hesabu yake ya siku ya jua haimsaidii. Urefu wa kipande cha breki unapaswa kukokotolewa kwa reli iliyolowa, na kama breki ni za kubana, kwa treni iliyojaa. Hapo kwetu, treni iliyoanzia mita 20 inahitaji kipande cha zaidi ya mita 25 ndipo ishindwe kukivuka kilima cha mita 15 hata mvua ikinyesha.